Madirisha ya nyumba ya pwani: mbao, chuma au aluminiamu? Niko mita 300 kutoka baharini

MamaZai_Kimbiji

Wadau, habari za leo. Nyumba yangu ya Kimbiji, Kigamboni, imefika kwenye linta na sasa kila fundi ananifuata na daftari lake. Madirisha ni tisa, mengi ni futi tano kwa tano. Manne yanatazama mashariki, baharini kabisa, na kutoka ukutani hadi mchangani ni kama mita 300, katikati hakuna nyumba, minazi tu. Matano yako upande wa barabara na uani, na mawili kati ya hayo yatakuwa chini ya baraza.

Fundi wa kuchomelea anasema chuma: bei nafuu na mwizi hapiti. Fundi aluminiamu anasema aluminiamu haipati kutu, hakuna cha kujadili. Seremala ni shemeji yangu, kwa hiyo namwonea aibu, na yeye anasema mninga. Kila mmoja anauza anachotengeneza. Kilichonifanya niulize ni jirani yangu. Ana aluminiamu za kusukuma, zina miaka sita, na zile za upande wa bahari hazisogei mpaka ziinuliwe na watu wawili. Sasa si walisema haipati kutu?

dodoma_kwetu

Dada usihangaike, weka aluminiamu. Mimi ninazo mwaka wa nane huu, nafuta vumbi tu, zinang'aa kama siku ya kwanza. Huyo jirani kawekewa na fundi mbabaishaji.

FundiChoma

Aluminiamu ni fasheni. Mwizi anaikunja kwa bisibisi. Chukua skwea paipu ya inchi moja na nusu, geji 16, piga redioksaidi koti mbili, malizia na rangi ya mafuta. Tatizo la watu wanachukua geji 18 halafu wanapaka rangi juu ya vumbi. Nimefunga chuma Mbezi miaka kumi iliyopita na mpaka leo ziko imara.

Baharia_Mstaafu

Nimefanya matengenezo ya meli miaka mingi na baadaye nikawa na karakana ndogo ya aluminiamu, kwa hiyo mniruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Ndugu wa Dodoma, aluminiamu yako ni nzuri kwa sababu iko Dodoma. Ukiileta hapa Kimbiji utaijua. Upepo wa kusi unapochapa kati ya Aprili na Septemba, mawimbi yanarusha matone madogo sana ya maji ya chumvi, upepo unayabeba, maji yanakauka na chumvi inabaki kwenye kila kitu. Watu wanafikiri dirisha linaliwa na mvua, kumbe mvua ndiyo inayoliosha. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani unyevu ukizidi asilimia 75 hivi, na pwani usiku unyevu hufika hapo na kupita. Maana yake dirisha lako linalowa maji ya chumvi kila usiku hata kama mbingu ni kavu.

Dada, nenda kwa jirani yako uhakikishe jambo moja. Angalia sehemu ya juu ya fremu, ile iliyojificha chini ya paa au linta ambako mvua haifiki, na upitishe kidole upande wa chini wa kitasa. Utakuta ukwaruzo wa unga mweupe na vishimo vidogo. Kisha angalia sehemu inayopigwa na mvua: ni safi zaidi.

Kuhusu hayo madirisha yasiyosogea, nina uhakika wa karibu kabisa kuwa fremu ni nzima. Kilichokufa ni magurudumu yaliyo chini ya kioo, ambayo beringi zake ni za chuma cha kawaida, na skrubu. Swali lako ni mbao, chuma au aluminiamu. Mimi ningeuliza ni kitu gani kitakufa kwanza kwenye kila moja, na je, naweza kukibadilisha bila kuvunja ukuta.

MamaZai_Kimbiji

Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Mzee, unga mweupe upo kama chumvi ya mezani! Na tulipong'oa dirisha moja, magurudumu yamegeuka donge la kutu, hayazunguki kabisa. Fremu yenyewe nimeigonga, iko sawa. Mume wake alikuwa ameshaita fundi abadilishe dirisha zima.

Kitwana_Nyali

Mimi niko Mombasa, nyumba ya marehemu baba. Nataka nimjibu FundiChoma kwa heshima, maana yeye anasema rangi, na sisi tulipaka rangi. Kila baada ya miaka miwili, bila kukosa. Dirisha lilikuwa linapendeza kabisa kwa nje. Siku moja nikaegemeza ngazi kwenye mhimili wa chini wa dirisha, ukaingia ndani kama boksi la karatasi. Lilikuwa limelika kutoka ndani ya paipu. Ukilitikisa unasikia maganda ya kutu yakicheza ndani kama mbegu kwenye kibuyu.

Na zile ncha zilizozikwa ukutani zilivimba zikapasua plasta pande zote mbili. Tulidhani nyumba inatitia, tukaita mtu wa msingi!

FundiChoma

Hiyo ni kwa sababu aliyechomelea hakuziba ncha. Paipu ikizibwa pande zote hewa haiingii.

Baharia_Mstaafu

FundiChoma ana nusu ya ukweli. Paipu iliyozibwa kabisa haiwezi kuoza ndani kwa sababu hewa na unyevu vikiisha kutu inasimama. Lakini kwenye dirisha nani anaziba kabisa? Unatoboa kwa ajili ya bawaba, kwa ajili ya komeo, kwa skrubu za wavu wa mbu, na kiungo cha kuchomelea kikiacha tundu dogo kama kichwa cha pini, unyevu unaingia na hautoki. Redioksaidi haifiki ndani ya paipu hata upake koti kumi.

Uvimbe aliouona Kitwana ni kawaida: kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na ukuta hauna pa kukimbilia. Kitwana, plasta ya nyumba ile ilichanganywa na mchanga wa wapi?

Kitwana_Nyali

Wa ufuoni, kaka. Zamani zile kila mtu alichota hapo chini. Mbona?

Baharia_Mstaafu

Basi chumvi mliijenga ndani ya ukuta. Ncha za chuma zilikuwa zinaliwa kutoka siku ya kwanza. Dada MamaZai, kabla hata ya kuchagua dirisha, uliza mchanga wa plasta unatoka wapi. Wa mtoni au wa shimo sawa. Wa ufuoni, hapana.

Kama lazima chuma, kuna njia moja tu ninayoiamini kwa umbali huo: kuchovya kwenye zinki iliyoyeyushwa, na kuchovya baada ya kuchomelea. Watu wananunua paipu iliyokwisha kupakwa zinki dukani, wanaichomelea, moto unaunguza zinki pale pale kwenye kiungo, halafu wanashangaa kutu imeanzia kwenye kiungo. Utaratibu ni kukata, kuchomelea, kutoboa matundu yote ya bawaba na komeo, ndipo kipelekwe kuchovywa. Na kila paipu lazima iwe na tundu la kupumulia kwenye ncha. Paipu iliyozibwa ikiingia kwenye zinki ya moto, hewa na maji yaliyomo ndani hupanuka na inaweza kulipuka. Kwa hiyo ule ushauri wa kuziba kila ncha haufanyi kazi hapa. Zinki ikiingia ndani kupitia matundu hayo, paipu inalindwa nje na ndani.

FundiChoma

Hapo sawa mzee, nimekuelewa. Lakini wateja wangu wangapi watalipa kuchovya?

pwani_salama

Samahani nimeona uzi huu nami niulize hapo hapo. Mlango wangu wa geti umeota kutu chini, nipake rangi gani?

Kitwana_Nyali

Ndugu, fungua uzi wako. Huku tunazungumzia madirisha.

SeremalaUnguja

Asalaam aleikum. Nyote mmepita mbali na mbao kana kwamba hazipo. Mji Mkongwe umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na ukitembea pale utaona milango na madirisha ya mbao yaliyopigwa na bahari tangu enzi za mababu. Mbao haina kutu. Chumvi haiili mbao kama inavyokula chuma.

Mbao inauawa na maji yaliyosimama na mchwa, basi. Ukiona dirisha la mbao limeoza, angalia limeoza wapi. Mara zote ni chini, pale nguzo mbili zinapokutana na kizingiti, kwa sababu kizingiti kilijengwa bapa na maji yakakaa. Nguzo za juu hupona. Mimi kizingiti cha nje nakipa mteremko, na chini yake napitisha mfereji mdogo wa nusu sentimita ili tone la maji likifika hapo lidondoke, lisirudi ukutani. Na ncha za nguzo, ile sehemu iliyokatwa ambayo inanyonya maji kama mrija, nazichovya mafuta usiku kucha kabla ya kuunganisha. Ni kazi ya nusu siku ambayo wengi hawaifanyi.

Dada, mwambie shemeji yako mninga ni chaguo zuri. Haujikunji sana, ndiyo sifa yake kubwa. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi. Mtiki pia, lakini uwe macho: mtiki mchanga wa shambani una sehemu nyingi ya nje iliyopauka, na hiyo nyeupe ndiyo wadudu wanaipenda. Hata kwenye mninga, kata ile nyeupe yote. Muulize pia mbao zimekauka kiasi gani. Mbao mbichi ikifungwa Kimbiji itakubali mwanzoni, baadaye ubawa haufungi au unaacha mwanya wa kidole.

dodoma_kwetu

Vanishi inatosha kulinda?

SeremalaUnguja

Vanishi ya kung'aa ni adui yangu. Jua linaichana, maji yanaingia chini ya ganda na hayatoki, mbao inakuwa nyeusi ndani ya kanga ya plastiki. Mafuta hayagandi juu, hayachubuki, unapaka tena kwa kitambaa. Lakini lazima upake. Upande wa jua na bahari ni kila mwaka. Asiyeweza hilo asichukue mbao upande huo, nasema ukweli ingawa ni kazi yangu.

MamaZai_Kimbiji

Hapo ndipo umenigusa. Mimi niko mjini, Kimbiji nitakuwa wikendi na mama atakaa na msichana wa kazi. Nani atapaka mafuta kila mwaka kwenye madirisha manne yanayotazama bahari? Najijua.

Kwa hiyo nafikiria kule baharini aluminiamu, na yale mawili ya chini ya baraza nimpe shemeji mninga. Hapo mvua haifiki. Lakini mzee ulisema pale mvua isipofika ndiko chumvi inakaa?

Baharia_Mstaafu

Umesoma vizuri. Hiyo ni kwa chuma na aluminiamu. Kama Seremala alivyosema, mbao haidhuriwi na chumvi, inadhuriwa na maji. Kwa hiyo baraza inafaa mbao na ni mbaya kwa metali. Ila bawaba, komeo na skrubu ni metali. Shaba nyekundu au ya njano, au stenlesi. Mninga mzuri umefungwa kwa bawaba za bati ni hasara.

Sasa aluminiamu ya baharini. Kwanza, usichukue ile ya rangi ya fedha isiyopakwa kitu. Chukua yenye rangi ya poda iliyochomwa ovenini, au iliyofanyiwa anodaizi, yaani kukuzwa ganda gumu juu yake kwa umeme. Kwa anodaizi, ya pwani inatakiwa ganda la mikroni 25. Ile ya mikroni 10 ni ya bara. Rangi ya poda inadanganya kidogo, kwa sababu kilichoamua uhai wake ni jinsi aluminiamu ilivyosafishwa kabla ya kupakwa, na hicho huwezi kukiona. Utakiona baadaye: malengelenge membamba kama nyuzi yanayotambaa chini ya rangi, yakianzia kwenye kona. Kona ndiyo yenye shida kwa sababu vipande vya aluminiamu vinapakwa rangi vikiwa virefu, fundi anavikata baadaye kwa pembe na kutoboa, na kila mkato unabaki uchi. Mwombe fundi apake silikoni kwenye kila mkato na kila tundu kabla hajaunganisha.

Pili, nenda na sumaku. Sumaku ndogo ya friji inatosha. Iguse kila skrubu, kila ripiti, kila kipande cha kitasa. Inayoshika kwa nguvu ni chuma na itaota kutu. Stenlesi nzuri haishiki, au inashika kidogo tu pale ilipokunjwa. Uliza stenlesi 316, ndiyo inayovumilia bahari. Hata hiyo, ikikaa moja kwa moja kwenye aluminiamu na maji ya chumvi katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa kuzunguka skrubu, kwa hiyo weka kikombe cha nailoni au tone la silikoni kwenye tundu.

Tatu, simenti. Simenti mbichi inaila aluminiamu na doa halitoki. Fremu ifungwe baada ya plasta, na kama kuna kuziba pembeni, fremu ivikwe selotepu ya karatasi kwanza.

Kitwana_Nyali

Mzee, na grili? Maana hapa sote tunaongea kana kwamba dirisha halina grili.

MamaZai_Kimbiji

Nilikuwa naogopa kuuliza hilo. Grili lazima. Mama hatalala bila grili.

Baharia_Mstaafu

Ndiyo, hapo ndipo mjadala wa aluminiamu au chuma unapovunjika, kwa sababu ukichagua chochote chuma bado kinakuja. Nimeona madirisha safi ya aluminiamu yenye michirizi ya kahawia ukutani chini yake. Mwenye nyumba anasema aluminiamu imeoza, kumbe ni grili inayolia.

Usizike miguu ya grili ukutani. Tengeneza grili nzima, iwe na vipande bapa kwenye pembe, ichovywe zinki, kisha ifungwe kwa bolti za stenlesi, na nati ziwe upande wa ndani ya nyumba ili mwizi asizifikie. Acha nafasi ya sentimita mbili kati ya grili na ukuta, na isiguse aluminiamu popote. Ikichoka unaifungua, unaipeleka karakana, ukuta hauguswi.

FundiChoma

Bolti badala ya kuzika, mwizi akiwa na jeki anaing'oa. Sikubali. Grili ya kuzikwa ndiyo grili.

Kitwana_Nyali

Ya kwetu ilikuwa ya kuzikwa na niliing'oa kwa mkono, kaka.

SeremalaUnguja

Kuna jambo moja mmelisahau, hewa. Dirisha la kusukuma la futi tano linafunguka futi mbili na nusu tu, siku zote nusu ni kioo. Kimbiji, mwezi wa pili, kaskazi imelala, mama ataomba feni. La kufungua kama mlango linafunguka lote.

Baharia_Mstaafu

Kweli, na halina magurudumu ya kufa. Lakini likifunguka nje, grili lazima iwe ndani, na wavu wa mbu ndani pia, na mama anaingiza mkono wapi kulifunga upepo ukianza? Nimejaribu mara tatu kwa wateja na sijapata jibu linaloniridhisha. Mmoja aliweka wavu wa bawaba na kitundu cha mkono kwenye grili. Mbu walipita pale pale kwenye kitundu.

MamaZai_Kimbiji

Wadau, nirudishe majibu. Nimezungumza na wote watatu. Upande wa bahari: aluminiamu ya rangi ya poda, ya kusukuma sebuleni, na vyumba viwili vya kulala vya kufungua nje, mama ameona mfano na kasema atauzoea. Nimeomba magurudumu yawe ya nailoni yenye beringi za stenlesi na yabadilishike bila kung'oa fremu. Baraza ni mninga wa shemeji, na nimempa picha ya mfereji wa chini ya kizingiti. Kakasirika kidogo, kasema anaujua. Matatu ya barabarani bado sijaamua, bei ya kuchovya grili tisa imenitoa jasho, labda nitaanza na zile nne za bahari.

Kwa fundi aluminiamu nilikwenda na sumaku. Fremu haikushika, kitasa hakikushika, nikafurahi. Nikageuza sampuli nikagusa skrubu za kona ya ndani. Zilishika zote nne. Akaniambia, "Hizo dada hazionekani." Nikamwambia hata magurudumu ya jirani yalikuwa hayaonekani. Anasema za stenlesi ataagiza, zifike Jumatano.

Kitwana_Nyali

Zikifika, zipitishie sumaku tena kabla hajafunga. Na akikata mifereji ya matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini, hakikisha yametoboka mpaka nje. Za shangazi yangu Bamburi zilitobolewa upande mmoja tu, maji yakawa yanamwagika sebuleni.

pwani_salama

Nimefungua uzi wa geti. Karibuni.